Lugha Yetu: Magunia Hayo Ni Yapi?

Juma hili nimepokea barua ya msomaji mmoja ambaye ni karani mjini, naye ana shamba kwao nyumbani linaloangaliwa na mdogo wake. Barua yake ina malalamiko, na mwisho wake anataka niamue kati yake na nduguye. Mimi si hakimu, lakini kwa kuwa kesi yao yote imesimama juu ya neno moja la Kiswahili, nimeona ni wajibu wangu kuisikiliza.

Habari yenyewe ni hii. Muhula wa shule ulipokaribia, karani huyo alimwandikia mdogo wake maneno haya:

“Mdogo wangu mpendwa, baada ya salamu nyingi, nakuarifu ya kwamba karo ya mtoto yatakiwa upesi. Ghalani mna magunia manane ya mahindi na magunia mawili ya maharagwe. Hayo yauzwe, na pesa hiyo ipelekwe shuleni.”

Mdogo wake ni mtu mtiifu. Alitafuta gari, akayapakia magunia yote kumi, akayauza sokoni, akalipa karo na kuweka risiti. Karani aliporudi nyumbani likizoni, akakuta ghala tupu. Maharagwe yale mawili yalikuwa mbegu, ameyachagua mwenyewe punje kwa punje, ayapande mvua za masika zianzapo. “Nilikuambia uuze mahindi!” akasema. Mdogo wake akaileta ile barua, akaweka kidole juu ya neno lile, akajibu, “Kaka, hukuandika mahindi. Uliandika hayo.”

Sasa karani ananiuliza, “Je, si kweli ya kwamba neno hayo ni la mahindi? Mahindi hayo. Sarufi yangu ina kosa gani?”

Ndugu yangu karani, sarufi ya neno lako hayo haina kosa hata kidogo, na hapo ndipo taabu ilipo. Ni kweli twasema mahindi hayo. Lakini pia twasema maharagwe hayo, na magunia hayo. Majina yote matatu uliyoyatumia yamo katika ngeli moja, na neno moja la kuonyesha linayafaa yote sawasawa. Mdogo wako alikuwa na haki ya kuelewa mahindi peke yake, au maharagwe peke yake, au magunia yote kumi. Yeye alichagua njia ya tatu, na kwa mtu anayesoma barua bila mwenye kuandika kuwa karibu, hiyo ndiyo njia iliyo nyofu kuliko zote. Mbegu ni hasara yako wewe.

Basi, ili hasara hiyo isimfikie msomaji mwingine, natuyatazame maneno haya ya kuonyesha. Neno la kuonyesha lina kazi mbili. Mwanzo wake au mwili wake hutuambia ni jina la ngeli gani linaloonyeshwa. Mwisho wake hutuambia kitu hicho kiko wapi: kwangu, kwako, au mbali nasi sote. Mwenye kuzijua kazi hizo mbili, na kujua mahali pa kuliweka neno, hataandika barua kama ile.

Kwanza, namna ya kulipata neno lenyewe. Watu wengi wa bara, hata waliokwenda shule, hutumia hii kwa kila kitu: hii mtu, hii shamba, hii kitabu, hii ng'ombe. Wanasema ngeli ni nyingi mno, hawawezi kuzikumbuka. Lakini msomaji, wewe hukosei kitenzi. Husemi “shamba imelimwa na mtu ameanguka na kitabu imepotea” unapoandika kwa utaratibu. Waandika shamba limelimwa, kitabu kimepotea. Basi sikiliza kile kipande kidogo kilicho mwanzoni mwa kitenzi, maana hicho ndicho mama wa neno la kuonyesha.

Shamba limelimwa. Kipande ni li. Kitangulizie h pamoja na irabu iliyo sawa na irabu yake mwenyewe, upate hi-li, yaani hili: shamba hili. Mahindi yameiva. Kipande ni ya. Irabu yake ni a. Upate ha-ya: mahindi haya. Kitabu kimepotea: hi-ki, kitabu hiki. Pesa zimefika: hi-zi, pesa hizi. Mti umeanguka: hu-u, mti huu. Miti imeanguka: hi-i, miti hii. Watu wamekuja: ha-wa, watu hawa.

Ukitaka kuonyesha kilicho mbali, kichukue kipande kile kile, ukitie le mwisho wake: shamba lile, mahindi yale, kitabu kile, pesa zile, mti ule, miti ile, watu wale. Ukitaka kuonyesha kilicho kwa mwenzako au kilichokwisha kutajwa, lichukue neno la karibu, ulimalizie kwa o: hilo, hayo, hizo, huo. Mahali pachache sauti hubadilika kidogo ili ulimi usikwame. Hiki huwa hicho, wala si “hikio”. Hivi huwa hivyo. Hii huwa hiyo, nayo huandikwa kwa y. Hawa huwa hao, bila w.

Mtu mmoja peke yake ndiye asiyefuata njia hii, kwa maana twasema mtu amekuja, lakini hatusemi “haa”. Yeye ana maneno yake matatu, nayo yafaa kukaririwa: huyu, huyo, yule. Baada ya hayo hakuna jingine la kukariri.

Pili, tutazame mwisho wa neno, maana barua nyingi huharibika hapa. Mtu akizungumza na mwenzake uso kwa uso, huweza kunyosha kidole. Katika barua hakuna kidole, na wawili hao wako mahali mbalimbali. Kwa hiyo mwenye kuandika hapana budi akumbuke yuko wapi yeye, na yuko wapi atakayesoma.

Chukua pesa kwa mfano. Karani anaandika: “Pesa hizi nitazileta mwenyewe.” Hizi ni zile zilizo mkononi mwake anapoandika. Akiandika: “Pesa hizo zitunze vizuri,” basi ni pesa zilizo kwa mdogo wake, au pesa alizozitaja sasa hivi katika barua hiyo. Akiandika: “Pesa zile zimeniletea taabu,” basi haziko kwake wala kwa nduguye, au ni jambo la zamani ambalo wote wawili walikumbuka, kama vile deni la mwaka jana. Sentensi tatu fupi, na pesa ni za mahali patatu. Mtu akiandika hizi mahali pa hizo, ndugu yake atangoja fedha ambazo kumbe anazo mwenyewe kabatini.

Angalia ya kwamba neno lenye o lina kazi mbili: kuonyesha kilicho karibu na msikilizaji, na kurejea kilichokwisha kutajwa. Bibi E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1944, aliieleza o hiyo kuwa ni alama ya kurejea. Ni ile ile iliyomo katika aliyekuja na kilichopotea. Kwa hiyo ukiiona o mwishoni mwa neno la kuonyesha, jiulize kwanza: je, jambo hili limekwisha kutajwa? Kama limetajwa, umelipata. Kama halikutajwa, tazama kilicho karibu na yule anayeambiwa.

Tofauti hii yaonekana vizuri pale mtu anapotaka kunena. Mzee asemapo, “Sikilizeni haya,” bado hajasema, maneno yaja. Akimaliza na mwingine akajibu, “Hayo tumeyasikia,” maneno yamekwisha kupita. Haya ni ya mbele, hayo ni ya nyuma. Karani mwenye kuandika “Majina ya wanachama ni hayo” kisha akayaorodhesha chini, amemgeuza msomaji wake shingo atazame juu, kumbe majina yako chini. Yafaa aandike: “Majina ya wanachama ni haya.”

Tatu, upatanisho. Kosa linaloletwa kwangu mara nyingi ni la neno huo na wingi wake. Watu wamejifunza ya kwamba huo ni umoja, wakadhani wingi wake ni mmoja tu. Sivyo. Huo lina wingi wa namna tatu, kwa kuwa majina yenye kuchukua u katika umoja hayatoki katika nyumba moja.

Mzinga huo hauna nyuki. Mizinga hiyo haina nyuki. Hapa wingi ni hiyo.

Ubao huo umeoza. Mbao hizo zimeoza. Hapa wingi ni hizo.

Ugonjwa huo ni hatari. Magonjwa hayo ni hatari. Hapa wingi ni hayo.

Utaijuaje njia ya kufuata? Rudi kwa mama yetu, kipande cha kitenzi. Mizinga imeletwa, basi hiyo. Mbao zimeletwa, basi hizo. Magonjwa yameletwa, basi hayo. Usilitazame neno huo unapotafuta wingi. Litazame jina lenyewe likiwa katika wingi, ulipe kitenzi, kisha usikilize.

Na hapa upatanisho si urembo wa shuleni. Fikiri ya kwamba fundi amekuandikia hivi: “Nimepokea milango na mbao. Hizo zimeoza.” Umejua mara moja ya kwamba mbao ndizo zilizooza, na milango ni mizima. Kama angeandika “Hiyo imeoza,” ungejua ya kwamba ni milango. Silabi moja tu imekuambia ni kipi cha kurudisha dukani. Lakini fundi anayesema hiyo kwa kila kitu amekunyima habari hiyo, nawe itakubidi usafiri kwenda kutazama.

Viumbe vyenye uhai vina sheria yao, nayo ni fupi. Mtu, mnyama, ndege na mdudu huonyeshwa kwa huyu, huyo, yule, na katika wingi hawa, hao, wale, hata kama jina lao lina sura ya ngeli nyingine. Ng'ombe huyu ni mgonjwa. Ng'ombe hawa ni wagonjwa. Kijana huyo ni hodari. Viongozi wale wamechelewa. Kwa sababu hiyo neno la kuonyesha huweza kuwatenga wawili wenye jina moja. Ndege huyu amekula mtama. Huyo ana mbawa na manyoya. Ndege hii imetua uwanjani. Hiyo imejaa abiria. Vivyo hivyo kiboko huyu anaishi mtoni, na kiboko hiki kinaning'inia ukutani, nacho watoto watukutu wakijua vizuri.

Angalia jambo moja zaidi: majina kama rafiki, ndugu na jirani hukubali yangu na zangu, lakini neno la kuonyesha hubaki la watu. Rafiki yangu huyu ni mkulima. Ndugu zangu hawa wametoka safari. Usiandike “rafiki yangu hii”, hata kama yangu inakuvuta huko.

Nne, mahali pa kuliweka neno. Desturi ya Kiswahili ni kuliweka neno la kuonyesha baada ya jina: shamba hili, mtu yule, pesa hizo. Jina likiwa na mwenyewe, mwenyewe hukaa karibu na mali yake, na neno la kuonyesha hufuata: shamba langu hili, ng'ombe wako yule.

Neno likitangulia jina, maana hugeuka kidogo. “Mtu yule amekuja” chaweza kuwa kidole kilichonyoshwa kumwelekea mtu aliye mbali. “Yule mtu amekuja” ni kusema, yule tunayemjua mimi na wewe, tuliyekuwa tukimzungumza. Wenye kusimulia hadithi hupenda namna hii: wakikwisha kumtaja sungura mara moja, baadaye husema yule sungura. Katika mazungumzo ni nzuri. Lakini katika mapatano ya kuuziana, ambayo yatasomwa na mtu asiyekuwapo wakati wa mazungumzo, liweke neno lako baada ya jina, maana msomaji huyo hamjui “yule mtu” wenu.

Tena jihadhari na neno ni. “Ng'ombe huyu ni wangu” na “Huyu ni ng'ombe wangu” si sentensi moja. Ya kwanza humjibu mtu anayedai mali: wote wajua ni ng'ombe, shauri ni la nani mwenyewe. Ya pili humjibu mgeni anayeonyeshwa mifugo. Katika hiyo ya pili neno limesimama peke yake mbele ya ni, na hata hivyo hupatana na jina linalokuja nyuma. Kwa hiyo huandikwa: Hiki ni kitabu. Hili ni jembe. Huu ni ufunguo. Hizi ni funguo. Wanaoandika “Hii ni kitabu” wamedhani ya kwamba neno likitengwa na jina lake kwa ni, limeachiwa huru. Halijaachiwa.

Lakini mahali penye hatari kuliko pote ni pale penye majina mawili yaliyofungwa kwa la, ya, wa au cha. Soma sentensi hizi mbili:

Shamba lile la jirani limeuzwa.

Shamba la jirani yule limeuzwa.

Katika ya kwanza unaonyesha shamba. Katika ya pili unaonyesha jirani. Hakuna awezaye kuzichanganya, kwa kuwa lile halimfai jirani, na yule halilifai shamba. Upatanisho umelinda maana. Sasa soma hizi:

Mtoto yule wa jirani ni mgonjwa.

Mtoto wa jirani yule ni mgonjwa.

Katika ya kwanza anayeonyeshwa ni mtoto. Katika ya pili yule limesimama baada ya jirani, lakini mtoto naye ni mtu, naye hukubali yule. Msomaji mmoja ataelewa jirani yule, na mwingine ataelewa mtoto yule. Upatanisho hauwezi kukusaidia tena, kwa kuwa wote wawili ni wa ngeli moja. Kilichobaki ni mahali. Libandike neno la kuonyesha na jina lake, wala usiliache jina jingine likae katikati yao.

Naam, sasa tumefika tena mlangoni pa ghala ya karani wetu. Magunia, mahindi, maharagwe: majina matatu ya ngeli moja, na neno hayo limewekwa peke yake mbele ya kitenzi bila jina lolote la kushikamana nalo. Upatanisho haukuweza kumlinda, kwa kuwa hakukuwa na ngeli mbili za kutengwa. Mahali pa neno hapakuweza kumlinda, kwa kuwa halikuwa na jina pembeni. Lango lilikuwa wazi pande zote mbili, na maharagwe yakatoka.

Tazama jinsi ambavyo mambo yangekuwa kama maharagwe yangewekwa katika vikapu. “Ghalani mna magunia manane ya mahindi na vikapu viwili vya maharagwe. Hivyo visiuzwe.” Hapo hivyo lisingeweza kushika kitu kingine ila vikapu, na barua ingekuwa salama ingawa neno limesimama peke yake. Lakini hiyo ni bahati ya chombo, si ustadi wa mwandishi. Mtu mwenye busara haitegemei bahati ya namna hiyo.

Barua ile ingeandikwaje? Ingeandikwa hivi:

“Ghalani mna magunia manane ya mahindi na magunia mawili ya maharagwe. Mahindi hayo yauzwe yote. Maharagwe hayo yasiguswe, maana ni mbegu. Pesa za mahindi hayo zipelekwe shuleni.”

Hebu tuihakiki sentensi kwa sentensi. Katika ya pili, jina mahindi limerudiwa, na hayo limeambatana nalo. O yake yasema: ni yale niliyokwisha kukutajia, nayo yako huko kwako. Kazi zote mbili za o zimekutana. Katika ya tatu maharagwe yamepewa hayo lao wenyewe. Hayo ya kwanza na hayo ya pili yana sura moja, lakini kila moja limefungwa kwa kamba yake, na hayawezi kupotea. Katika ya nne, karani alikuwa ameandika pesa hiyo ipelekwe. Pesa zikiwa ni nyingi hupewa zi, basi angesema pesa hizo zipelekwe. Lakini kwa kuwa pesa hazijatajwa bado, ni afadhali kuzitaja kwa asili yake: pesa za mahindi hayo.

Mwaona ya kwamba barua imeongezeka maneno machache tu. Kurudia jina si umaskini wa lugha. Walimu wengine huwafundisha watoto ya kwamba ni vibaya kulirudia jina moja katika sentensi mbili zinazofuatana. Katika insha huenda ikawa kweli. Katika barua ya shauri, rudia jina mpaka hasara isiweze kupita.

Na mwenye mifugo asifikiri ya kwamba jambo hili ni la wenye ghala tu. Kwake hatari ni kubwa zaidi, kwa maana wanyama wote hukubali hao. “Zizini mna ng'ombe wawili na mbuzi watano. Hao wauzwe.” Akina nani? Ng'ombe hao? Mbuzi hao? Wote saba? Mtiifu atawauza wote, naye hatakuwa na kosa. Andika “Mbuzi hao wauzwe,” nawe utawakuta ng'ombe wako zizini.

Ukitaka kujua kama barua yako ina tundu la namna hii, fanya hivi kabla ya kuituma, iwe ya karatasi au ujumbe wa simu. Weka kidole juu ya kila neno la kuonyesha lililosimama bila jina. Rudi nyuma katika sentensi zilizotangulia, uhesabu majina yanayoweza kulipokea. Ukipata moja tu, liache lilivyo. Ukipata mawili au zaidi, andika jina lake pembeni yake. Kazi hiyo haichukui muda mrefu kuliko kufunga bahasha.

Nawapa sasa sentensi sita za kujaribia. Tano za kwanza zina kosa moja kila moja. Ya sita haina kosa la upatanisho, lakini ina tundu.

1. Hii ni jembe la baba.
2. Ng'ombe hizi zimevunja ua.
3. Mbao hayo hayatoshi kwa mlango.
4. Rafiki yangu hiyo anaitwa afisini.
5. Masharti ya mkopo ni hayo yafuatayo.
6. Nimenunua nyumba yenye miti mingi. Hiyo nitaikata vipande niuze.

Majibu ni haya. Katika ya kwanza, sema: Hili ni jembe la baba, kwa kuwa jembe limeletwa. Katika ya pili: Ng'ombe hawa wamevunja ua. Katika ya tatu: Mbao hizo hazitoshi, maana ubao na mbao hazifuati njia ya ugonjwa na magonjwa. Katika ya nne: Rafiki yangu huyo. Katika ya tano: Masharti ya mkopo ni haya yafuatayo, kwa kuwa bado hatujayasoma. Na katika ya sita, hiyo lafaa nyumba moja, na pia lafaa miti mingi. Zote mbili huchukua i katika kitenzi. Huenda mtu huyu anakata miti, na huenda anagawa nyumba vyumba vyumba awauzie watu. Aseme: Miti hiyo nitaikata, au: Nyumba hiyo nitaigawa.

Ama kwa kesi yako, ndugu karani, nimekwisha kusema. Mdogo wako alisoma kilichoandikwa, na karo imelipwa kwa pesa za magunia kumi. Nunua mbegu nyingine mapema kabla mvua hazijaanza, uzipeleke nyumbani mwenyewe. Na ukiona ni lazima kuzipeleka kwa mkono wa mtu mwingine pamoja na barua, usiandike “Hizo zipandwe.” Andika: “Mbegu hizo zipandwe.”